Nguo ikishika moto: kwa nini ulale ubingirike, na kwa nini usikimbie

Tuchukue jiko la mkaa lililowekwa chini, uani, kiangazi cha Dodoma, upepo unavuma. Mama anasonga ugali amejifunga khanga kiunoni juu ya gauni. Anageuka kuchukua sahani, pindo la khanga linapita juu ya makaa, nyuma ya shavu la mguu, mahali asipopaona. Anagundua kwa joto au kwa harufu. Wakati huo moto uko chini ya goti, na atakachofanya katika sekunde chache zijazo ndicho kitakachoamua kama ataungua mguu tu au ataungua hadi usoni.

Kabla ya hatua zenyewe, washa njiti ya kibiriti uishike kichwa kikiwa juu. Moto unashuka polepole, na mara nyingi unazimika wenyewe. Washa nyingine, uelekeze kichwa chini. Utaitupa haraka, maana moto unapanda kwenye vidole. Njiti ni ileile, kilichobadilika ni mkao tu. Joto hupanda juu, na mti ulio juu ya mwali hupashwa moto kabla mwali haujaufikia. Hata kwenye nguo, kinachowaka kwa mwali ni gesi inayotoka kwenye uzi uliopata joto kali. Mtu aliyesimama ni njiti iliyoelekezwa chini: pindo linawaka, kiuno kinapashwa, kifua kinafuata, na kichwa kiko kwenye njia ya moshi na mwali.

Kukimbia kunamwacha mtu wima vilevile, kisha kunaongeza upepo. Anayepepea jiko kwa kifuniko cha sufuria anajua makaa yanavyoitikia. Utauliza: mbona upepo huzima mshumaa? Mwali wa mshumaa ni mdogo, unapuliziwa mbali na utambi wake ukaisha. Nguo inayowaka ina eneo kubwa lenye joto, na mtu akikimbia mbele, mgongo wake unaukinga moto ulio nyuma. Pale nyuma moto unapata hewa mpya bila kupeperushwa. Khanga au dera pana ni mbaya zaidi, kwa sababu hewa inapita pande zote mbili za kitambaa. Juu ya hayo, anayekimbia anahema kwa nguvu na kuvuta hewa ya moto kooni, na wanaotaka kumsaidia hawamkamati.

1. Simama hapohapo. Usikimbilie maji, usikimbilie mlango. Sogea hatua mbili tatu tu, kama inabidi kuliacha jiko, mafuta ya taa yaliyomwagika au mabua makavu. Kama kinachowaka ni khanga peke yake na fundo linafunguka kwa mvuto mmoja, ifungue idondoke, ruka pembeni. Lisipofunguka mara moja, achana nalo. Nguo ya kuvulia kichwani, kama gauni au fulana, usijaribu kabisa kuivua ikiwaka, kwa sababu utaupitisha moto usoni mwenyewe.

2. Lala chini. Funika uso kwa viganja, funga mdomo, shuka chini mwili mzima. Kupiga magoti hakutoshi, maana kifua na kichwa bado viko juu ya moto. Ukishalala, mwali unaopanda unaondoka mwilini badala ya kuufuata mwili kuelekea kichwani. Hatua hii peke yake haizimi moto, lakini inaunyima ngazi.

Anza kwa kulalia upande unaowaka. Mama wetu moto uko nyuma ya mguu, basi alale chali kwanza. Watu wengi huanguka kifudifudi moto ukiwa mgongoni, kisha wanashangaa mbona unaendelea.

3. Bingirika polepole. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanafikiri kinachozima ni mzunguko. Kinachozima ni uzito. Mwili unaibana nguo ardhini, hewa inakosa pa kupita, na udongo uliopoa unanyonya joto la kitambaa. Ukibingirika haraka kama pipa, kila upande unagusa chini kidogo tu na kunyanyuka ungali moto, nao unawaka tena. Geuka hadi upande, kandamiza, geuka kifudifudi, kandamiza, kisha rudi. Ua wa udongo uliofagiliwa unafaa sana. Mkeka wa plastiki haufai, utayeyuka na kukugandia.

4. Usiinuke upesi. Pamba hubaki na kaa dogo jekundu kwenye mikunjo hata baada ya mwali kuzimika, na ukisimama upepo unalichochea. Endelea mpaka hakuna mwali wala moshi, kisha mtu mwingine akague mgongo na nyuma ya mapaja.

Njia hii ina mipaka yake. Nguo iliyolowa petroli au mafuta ya taa inaweza kuwaka tena kila unapoinua upande, kwa kuwa mvuke wa mafuta bado upo. Hapo unahitaji mtu wa kukumwagia maji mengi au kukufunika blanketi. Nguo za poliesta na nailoni huyeyuka na kushika ngozi. Moto utazimika, lakini kilichoyeyuka kinaendelea kuunguza mpaka kipoe. Mzee au mgonjwa asiyeweza kugeuka alazwe, kisha moto ubanwe kwa blanketi.

Wewe unayesaidia. Mtoto anayewaka humkimbilia mama yake. Usimpokee mikononi, mlaze. Chukua blanketi la sufu au la pamba nzito, lishike mbele yako likukinge, umfunike kuanzia shingoni kushuka miguuni, ili hewa ya moto isukumwe mbali na uso. Kandamiza. Usipigepige kwa khanga, huko ni kupepea. Ndoo ya maji ikiwa karibu, mmwagie. Tahadhari ya kutomwaga maji inahusu mafuta ya kukaangia yanayowaka kwenye karai, siyo mtu.

Moto ukizimika kazi haijaisha, ngozi bado ina joto ndani. Vua bangili, pete na nguo iliyoungua, ila iliyoganda kwenye ngozi iache. Poza kwa maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, asali na mayai hapana.

Bomba likiwa kavu, kidumu kimoja cha lita 20 kinatosha kwa sehemu kama shavu la mguu. Mimina kikombe cha robo lita taratibu kila baada ya sekunde 15. Hiyo ni lita 1 kwa dakika, na kidumu kitakwenda dakika 20 kamili. Ukimwaga kidumu chote kwa mkupuo utakuwa umepoza dakika moja, na maji yameingia ardhini. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe ibaki na joto, hasa kwa mtoto na hasa usiku wa Juni na Julai.

Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, bila kubana. Aende hospitali kama jeraha linazidi kiganja chake, kama liko usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri, au kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haina maumivu. Kutosikia maumivu hapo si nafuu, ni dalili kwamba moto umeshuka hadi kwenye mishipa ya fahamu. Sauti ikikwaruza au pua ikiwa na masizi, aondoke mara hiyohiyo, mkiendelea kumpoza njiani, kwa kuwa koo linaweza kuvimba na kuziba baadaye hata kama sasa anaongea. Nyumba ikiwa inawaka pia, zimamoto ni 114.