Kuandika kwenye hifadhidata mbili bila data kupishana

Tuseme unahamisha jedwali la oda kutoka MySQL kwenda PostgreSQL huku watumiaji wakiendelea na kazi.

Hatua ya 1: namba ya toleo. Kabla ya lolote, kipe kila oda `toleo` linaloongezeka kwa 1 kila inapobadilishwa, ndani ya muamala uleule. Nasisitiza hatua hii kwa sababu bila hiyo zinazofuata hazina msingi. Maombi mawili yakigusa oda 812 kwa pamoja, MySQL inaweza kupokea "imelipwa" kisha "imetumwa", na PostgreSQL ikapokea kinyume. Pande zote mbili zimekubali, logi ni safi, na data imeshatofautiana.

Hatua ya 2: andika pande mbili. MySQL ndiyo yenye kauli ya mwisho, kwa hiyo ianze. Katika muamala huohuo, weka id na toleo kwenye jedwali la `zinazosubiri`. Kisha andika upande mpya:

```sql
INSERT INTO oda (id, hali, toleo)
VALUES (812, 'imetumwa', 7)
ON CONFLICT (id) DO UPDATE
SET hali = EXCLUDED.hali, toleo = EXCLUDED.toleo
WHERE oda.toleo < EXCLUDED.toleo;
```

Toleo la 6 likichelewa kufika, sharti la mwisho linalizuia. Ukifanikiwa, futa alama ya kusubiri. Programu ikizimika katikati, alama inabaki, na kazi ya pembeni itasoma oda hiyo upya na kuiandika. Mtumiaji asipewe kosa kwa sababu upande mpya umekwama.

Oda ikifutwa, usiiondoe. Iwekee alama ya kufutwa na toleo jipya. Ukiiondoa, kazi ya kunakili data ya zamani inaweza kuirudisha.

Hatua ya 3: nakili data ya zamani kwa sentensi hiyohiyo, mafungu kwa mafungu.

Hatua ya 4: soma kwa kivuli. Mjibu mtumiaji kutoka MySQL, kisha pembeni soma PostgreSQL na ulinganishe. Matoleo yakitofautiana, subiri sekunde chache usome tena pande zote. Huenda ni uchelewaji tu. Matoleo yakilingana lakini thamani zikatofautiana, hilo ni kosa halisi la ubadilishaji. Mfano wa kawaida ni muda: `DATETIME` ya MySQL isiyowekewa usahihi haihifadhi vipande vya sekunde, ilhali `timestamp` ya PostgreSQL huvihifadhi. Programu ikituma muda wenye vipande, pande mbili hazitafanana kamwe. Angalia pia utafutaji wa maneno: mpangilio wa kawaida wa MySQL hautofautishi herufi kubwa na ndogo, PostgreSQL hutofautisha.

Hatua ya 5: linganisha zote. Usomaji wa kivuli hugusa tu oda zinazosomwa. Za zamani zisizofunguliwa hazikaguliwi. Pitia jedwali zima kwa mafungu ya id, ukilinganisha idadi na kila safu.

Hatua ya 6: hamia. Simamisha uandishi kwa muda mfupi, ngoja `zinazosubiri` liwe tupu, linganisha oda zilizobadilika karibuni, kisha geuza. Endelea kuandika kinyume, PostgreSQL kwanza na MySQL baadaye, hadi utakapokuwa tayari kupoteza njia ya kurudi.