Kabla hujaanza kulinganisha statimenti ya benki na keshibuku, soma hii

Dogo, kabla hujashika kalamu weka mezani vitu vitatu: statimenti ya mwezi mzima, keshibuku iliyofungwa tarehe ileile, na usuluhisho wa mwezi uliopita, yaani ile karatasi ya ulinganisho wa mwezi jana. Hicho cha tatu ndo watu wanakiacha kabatini, tutakirudia.

Tiki kila muamala unaouona pande zote mbili. Usichanganyikiwe, pesa iliyoingia wewe unaiweka debiti ila benki wanaiita krediti, wao wanaandika kwa upande wao. Visivyo na tiki ndo kazi yako.

Chukulia keshibuku inasema 845,000 na statimenti 918,000. Umekuta makato ya benki 7,000 ambayo hukuyaandika, yaingize kwenye keshibuku, inabaki 838,000. Njoo upande wa benki: kuna hundi ya 120,000 mmeitoa ila aliyepewa hajaipeleka, toa. Kuna 40,000 keshia kaandika kaipeleka benki tarehe 30 na kwenye statimenti haipo bado, jumlisha. Unapata 838,000. Zimekubaliana, na hapo wengi wanafunga faili wanaenda zao.

Sasa hiyo 40,000. Ofisi moja niliyopita karani alikuwa analinganisha vizuri kabisa kila mwezi, haipishani hata senti, na kila mwezi kulikuwa na pesa "iko njiani kwenda benki". Mwezi wa kwanza ndogo, unaofuata kubwa kidogo, hakuna aliyeshtuka kwa sababu jumla inakubali. Kumbe keshia anachukua makusanyo ya leo, akibanwa anapeleka ya kesho kuziba ya jana, na kwenye keshibuku kila kitu kimeandikwa kimepelekwa. Siku alipoacha kuja kazini pengo lilikuwa limeshakuwa kubwa na karani ndo aliyekalishwa kitini kujieleza, maana saini ni yake.

Kwa hiyo anza na ule usuluhisho wa zamani. Kila pesa iliyokuwa njiani mwezi jana lazima uione kwenye statimenti mpya, siku za mwanzoni kabisa, kiasi kilekile, sio imegawanywa mara mbili. Usipoiona usiihamishie mwezi huu, dai pei-ini slipu yenye muhuri wa benki na usome tarehe ya muhuri, achana na ile aliyoandika keshia kwa mkono. Hundi inaweza kukaa wiki kadhaa bila kupelekwa na isiwe tatizo, keshi haina sababu ya kukaa hivyo.

Zikigoma kukubaliana, gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki huenda umegeuza tarakimu, mfano 540 ukaandika 450. Isipogawanyika, tafuta muamala ulio sawa na nusu ya hiyo tofauti, labda kuna kitu umekiweka upande usio wake. Ila usije ukatunga namba ya kuziba, na anayeshika keshi asiwe ndo anayelinganisha, na usisaini kitu ambacho slipu yake hujaiona kwa macho yako hata kama bosi kasimama mlangoni anakuharakisha.