Wiki kumi kabla ya harusi: pima kila siku, soma wastani

Nimejifunza hili nikipunguza uzito kwa ajili ya harusi. Jipime kila asubuhi ukishatoka msalani, kabla ya kula, kisha Jumapili tafuta wastani wa siku saba na ulinganishe na wa wiki iliyopita. Namba ya siku moja inadanganya: chumvi ya jana au hedhi inayokaribia huongeza kilo nzima ya maji, nawe ukadhani umenenepa. Lengo la kweli ni kupunguza nusu asilimia hadi asilimia moja ya uzito wako kwa wiki. Mwenye kilo 80 atapunguza gramu 400 hadi 800, yaani kilo 4 hadi 8 kwa wiki zote kumi. Mimi ningepanga 5. Wastani ukigoma kwa wiki mbili, punguza kidogo wanga na mafuta, protini uiache.

Wiki ya mwisho usibane tena. Kula kawaida, na nguo ipimwe mara ya mwisho siku kumi hivi kabla. Dawa za kuharishisha, vidonge vya kukojoza, sauna na kujinyima maji vinatoa maji tu. Mafuta hayaguswi, uzito unarudi ukinywa, na unaweza kuzimia ukumbini.

Njia hii haifai kwa mjamzito. Anayenyonyesha au anayetumia dawa za kisukari aanze kwa daktari. Na kama mizani inakuharibia siku, pima kiuno kwa futi mara moja kwa wiki.