Kutoa muhtasari wa simu ya wakala wa safari: mfano wa safari ya umra kutoka Mtwara

Mimi ni katibu wa vikundi vya umra hapa Mtwara. Mawakala tunaofanya nao kazi wako Dar, kwa hiyo mengi humalizwa kwa simu, na simu zote narekodi. Mwambie wakala mapema kuwa unarekodi, na kauli hiyo iwemo kwenye rekodi yenyewe. Mfano wa leo ni wa mama mmoja na wanawe wawili.

Hatua ya 1: Sikiliza yote kabla ya kuandika

Mawakala hujirekebisha njiani. Kwenye simu hii, dakika ya 3 wakala alitaja milioni nne na laki sita kwa kichwa. Dakika ya 11, alipoelewa kuwa wasafiri ni watatu, akasema: "Basi hapo weka nne na laki nane, maana chumba nilichopigia hesabu ni cha wanne." Ukianza kuandika mara ya kwanza tu, utabaki na bei iliyokufa. Rudia mara ya pili, ndipo uandike dakika, msemaji na maneno yake kama alivyoyasema.

Hatua ya 2: Ratiba

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, kwa sababu ya saa za usiku. Wakala alisema: "Mnaruka Alhamisi usiku, saa tisa na robo." Tiketi itaandika 03:15, lakini ya tarehe ipi? Alhamisi ni tarehe 12 Novemba. Kama anahesabu kwa mazoea ya mtaani, anamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani tarehe 13. Kama anasoma tarehe kwenye kompyuta yake, ndege inaruka alfajiri ya tarehe 12 yenyewe. Na mama, kama wazee wengi wa pwani, akisikia "usiku wa Ijumaa" anaelewa usiku wa Alhamisi. Kosea hapo, familia inafika uwanjani ndege imeshaondoka jana yake.

Kwa hiyo usichague mwenyewe. Andika "03:15, tarehe 12 au 13? Athibitishe", kisha ukipata jibu andika tarehe, saa ya tiketi, na saa yetu ya Kiswahili pamoja. Saa za tiketi ni za mahali ndege ilipo. Jeddah na Addis Ababa saa zao ni sawa na zetu, ila ukipitia Dubai wao wako mbele kwa saa moja.

Hatua ya 3: Gharama

Bei inayosimama ni ya mwisho kutamkwa: 4,800,000 mara watu watatu, yaani shilingi 14,400,000. Iandike pamoja na dakika yake, na ile ya kwanza iache pembeni ikiwa na mstari juu yake, maana lazima mtu ataiulizia.

Kianzio kilitajwa kuwa "milioni moja na nusu", basi. Cha kila mtu au cha wote? Ikiwa ni cha kila mtu, wanatanguliza 4,500,000 na kubakiza 9,900,000. Hilo nalo ni swali. Chini yake andika yasiyotajwa: basi la Mtwara hadi Dar, na pa kulala Dar.

Hatua ya 4: Masharti ya kurudishiwa pesa

Tenga ahadi na maneno ya kutuliza. "Visa ikishatoka, kianzio hakirudi" ni sharti. "Mkipata dharura tutaangalia" si chochote. Iandike chini ya "hakuna ahadi". Kubadili tarehe na kurudishiwa pesa pia ni mambo mawili, na kila moja linaweza kuwa na makato yake.

Sisi wa kusini tuna swali letu la ziada. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara kule Somanga, Kilwa. Msafiri akikwama njiani kama wakati ule, hasara ni ya nani? Wakala hakugusia, nami sijawahi kumsikia wakala akilitaja bila kuulizwa.

Hatua ya 5: Mwisho wa kulipa

"Wiki ijayo mwishoni" ibadilishe iwe siku, tarehe na saa. Uliza pia tarehe hiyo ni ya nani. Mara nyingi shirika la ndege lina muda wake wa kushikilia nafasi, na ukipita nafasi huachiwa, hata kama wakala amesema msijali.

Hatua ya 6: Mrudishie wakala siku hiyohiyo

Tuma kwa maandishi, maswali yakiwa juu:

> Habari za kazi kaka. Kwa simu ya leo, naomba uthibitishe:
> 1. Kuruka 03:15 ni tarehe 12 au 13 Novemba?
> 2. Kianzio 1,500,000 ni kwa kila mtu?
> 3. Mwisho wa kulipa kianzio ni tarehe na saa ngapi? Na salio?
> 4. Tukikwama barabarani, tiketi inabadilishwa kwa makato gani?
> Tulichoelewa: watu 3, jumla 14,400,000. Visa ikitoka kianzio hakirudi.

Akijibu kwa ujumbe wa sauti, usikilize, uandike alichosema, umtumie tena. Familia isilipe kianzio kabla jibu la swali la kwanza halijapatikana kwa maandishi.