Mtoto ana surua? Hakikisha anapata vitamini A mara mbili

Wazazi wengi huondoka kliniki na panadol tu. Ulizia vitamini A: matone siku ya kwanza, na dozi kama ileile kesho yake. Mtoto wa mwaka 1 na zaidi hupewa yuniti 200,000 katika kila moja ya siku hizo mbili, wa miezi 6 hadi 11 yuniti 100,000, na aliye chini ya hapo 50,000. Hata kama alipata matone ya kampeni mwezi uliopita, bado anastahili. Surua humaliza akiba ya vitamini hii mwilini, na macho ndiyo huumia. Yasafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Dawa za kienyeji za macho, hapana kabisa.

Homa itulize kwa parasetamo kulingana na uzito wa mtoto, kila baada ya saa 6. Usimpe aspirini. Mnyonyeshe na kumnywesha mara kwa mara.

Kwa kawaida homa hushuka siku chache baada ya vipele kutoka. Ikishuka kisha ikapanda tena, shuku nimonia. Akihema haraka, mboni ikiwa na ukungu, akipata degedege au akishindwa kunywa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.