Funika kichwa cha shairi kwanza

Ukipata shairi, funika kichwa kwa kiganja, usome beti, kisha andika sentensi moja: nani anaongea, na anamwambia nani? Ndipo ufunue, usome tena.

Binti mmoja wa Makete alinionyesha shairi lake:

Umeingia usiku bila hodi,
ukalala juu ya viazi vyangu.
Jua lilipotoka, ukaondoka,
ukaniachia majani meusi.

Kabla ya kufunua niliandika: mwanamke anamlalamikia mwanamume aliyemhadaa. Kichwa kilikuwa "Sakitu". Kumbe anayesemeshwa ni ile baridi ya Julai inayounguza majani ya viazi usiku mmoja, na "ukaondoka" ni kuyeyuka kwake. Lakini usiishie hapo ukadhani umetegua kitendawili. Yule mwanamume bado yumo, kwa sababu sakitu haipigi hodi. Neno "hodi" ni la mtu. Mimi naona uzuri wote wa shairi uko hapo, mkulima anapoidai sakitu adabu ya mgeni.

Sasa jaribu kubadilisha kichwa. Weka "Mume Wangu". Viazi vinageuka fumbo, na majani meusi yanakuwa maisha ya nyumbani. Mistari haijaguswa hata herufi.

Kipimo hiki hakifai kila mahali. Mashairi mengi ya kimapokeo huchukua kichwa kutoka kwenye kibwagizo. Ukiona maneno ni yaleyale, elekeza macho kwenye kibwagizo chenyewe, uone kinavyobadilika uzito ubeti hadi ubeti.