Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupima Ishara ya Kalsiamu katika Seli Zilizochochewa na Histamini

Kabla ya kudondosha histamini kwenye seli za HeLa, hakikisha kwamba njia unayokusudia kuipima imekukaa sawasawa akilini. Histamini hujishikiza kwenye kipokezi cha H1, nacho huamsha, kupitia protini ya Gq, kimeng'enya kiitwacho fosfolipezi C, ambacho huikata lipidi ya utando iitwayo PIP2 vipande viwili. Kipande cha kwanza, inositoli trifosfeti, huyeyuka katika saitosoli, umajimaji wa ndani ya seli, na kwenda kufungua milango ya kalsiamu iliyo kwenye retikulamu endoplazimu, ghala la kalsiamu ndani ya seli. Cha pili, diasilgliseroli, hubaki utandoni, ambako hushirikiana na kalsiamu hiyo kuamsha protini kinasi C.

Jambo linalohitaji maandalizi makubwa kuliko yote ni kutambua kalsiamu imetoka wapi. Seli iliyotulia huwa na takriban nanomola 100 za kalsiamu huru katika saitosoli, ilhali nje yake kuna milimola 1 hadi 2, yaani mara elfu kumi au zaidi. Kwa hiyo kiwango kinaweza kupanda kwa sababu ghala la ndani limefunguliwa, au kwa sababu kalsiamu ya nje imeingia, na mchoro mmoja peke yake hauwezi kukuambia ni ipi. Andaa miyeyusho miwili, mmoja wenye kalsiamu na mwingine usio nayo uliotiwa EGTA, kemikali inayonasa kalsiamu. Katika myeyusho wa pili, mpando wa kwanza unaoletwa na inositoli trifosfeti utaonekana, lakini kiwango hakitabaki juu kwa muda mrefu. Badilisha myeyusho muda mfupi tu kabla ya kichocheo, kwa maana seli zikikaa humo muda mrefu ghala lenyewe hupungukiwa, nawe utadhani kwamba kipokezi ndicho kilichoshindwa kufanya kazi.

Rangi ya Fura-2, ambayo mwangaza wake hubadilika kadiri inavyoshika kalsiamu, nayo ina masharti yake. Hupakiwa ikiwa katika umbo la Fura-2 AM, linalopenya utando, kisha vimeng'enya vya seli huikata ili ibaki ndani. Ndiyo maana baada ya kuzisuuza seli inafaa kusubiri kama nusu saa. Ukiipakia kwa wingi kupita kiasi, rangi yenyewe hunasa kalsiamu na kufanya kilele kionekane kifupi na butu. Mwangaza husomwa karibu na nanomita 510 baada ya kuchochewa kwa nanomita 340 na 380, na uwiano wa masomo hayo mawili, R, huingizwa katika kanuni hii:

[Ca] = Kd × β × (R − Rmin) / (Rmax − R)

Kd huonyesha jinsi rangi inavyoshika kalsiamu kwa nguvu, na β ni uwiano wa mwangaza wa nanomita 380 rangi ikiwa bila kalsiamu na ikiwa imejaa kalsiamu. Rmin, yaani R bila kalsiamu, hupatikana kwa ayonomisini, dawa inayopitisha kalsiamu utandoni, pamoja na EGTA, na Rmax, yaani R rangi ikiwa imejaa, kwa ayonomisini pamoja na kalsiamu tele. Tuseme Kd ni nanomola 224, β ni 6, Rmin ni 0.4 na Rmax ni 8. Seli iliyotulia yenye R ya 1.0 itakuwa na takriban nanomola 115, na kilele chenye R ya 3.0 kitakuwa karibu nanomola 700. Bila vipimo hivyo vya mwisho, unachokuwa nacho ni uwiano tu, si kiasi.

Sasa fikiria kile ambacho kalmodulini inakiona. Protini hii ina sehemu nne za kushika kalsiamu, mbili katika kila ncha. Ncha ya C hushika kwa nguvu zaidi lakini polepole, na ncha ya N hushika kwa wepesi lakini huhitaji kalsiamu nyingi zaidi. Wastani wa nanomola 700 huficha ukweli kwamba karibu na mlango uliofunguka kiwango huwa juu zaidi sana, na kwamba kalmodulini iliyokwisha kukutana na protini lengwa huishikilia kalsiamu kwa nguvu kuliko ilipokuwa peke yake. Tena, ujumbe haumo katika urefu wa kilele pekee. Katika kinasi ya CaMKII, yenye vitengo takriban 12, vitengo jirani vilivyoshikwa na kalmodulini hutiana fosfeti, na baada ya hapo kalmodulini huachia polepole mno. Mapigo ya kalsiamu yanayokaribiana hujumlishana, na yaliyo mbalimbali hufifia. Dozi ndogo za histamini mara nyingi huleta mapigo ya namna hiyo, kwa hiyo panga kusoma kila sekunde moja au mbili, kwani kusoma mara moja kwa nusu dakika kutayafuta.

Ukikusudia kuizuia kalmodulini kwa dawa ya W-7, andaa pia W-5, ambayo inafanana nayo lakini ni dhaifu zaidi, pamoja na sahani iliyotiwa W-7 bila histamini, ili ujue kama dawa hiyo yenyewe imebadilisha kalsiamu kabla hujalihusisha badiliko hilo na kalmodulini.